Kunyamaza kwa Makusudi Katika Chumba cha Daktari

Mwanamke mwenye umri wa miaka 46, muuza mboga sokoni, ameketi mbele ya daktari akiwa ameishika kadi yake ya kliniki kwa mikono miwili. Wiki tatu zilizopita alichukuliwa kipande kidogo cha nyama kutoka mlango wa kizazi, kwa kuwa alikuwa akitokwa na damu kila baada ya tendo la ndoa. Leo majibu yamerudi. Daktari anafungua faili, anasoma kimya kwa muda mgonjwa akimtazama, kisha anaanza.

“Eeh, mama, majibu yako yamekuja. Yaani, si mazuri sana, kuna seli ambazo zimebadilika, kwa hiyo ni kama saratani, lakini usijali, siku hizi matibabu yapo. Nitakuandikia rufaa, utapigwa picha, watakupima na figo pia, halafu wao ndio wataamua kama ni mionzi au vipi. Sawa mama?”

“Sawa, daktari.”

“Una swali?”

“Hapana.”

“Haya, pole sana. Mwite anayefuata.”

Mazungumzo hayo hayakufika dakika moja. Jioni, jirani yake sokoni anapomuuliza ameambiwa nini, mwanamke huyu anajibu kwamba figo zake zina tatizo na kwamba amepewa barua ya kwenda kupimwa atakapopata nauli. Barua inawekwa sandukuni. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini aliyewahi kufanya kazi katika kliniki yenye foleni ataitambua sauti ya daktari huyo, na pengine ataitambua kuwa ni yake mwenyewe.

Daktari huyu hakusema uongo, wala hakumkaripia mgonjwa. Kila alichokisema kilikuwa sahihi. Hata hilo la figo lina sababu yake, kwa maana saratani ya mlango wa kizazi inapoenea huweza kuibana mirija inayopeleka mkojo kwenye kibofu, na baadhi ya dawa zitumikazo kuitibu huwataka wagonjwa wenye figo nzima. Kosa lake ni kwamba hakuacha nafasi hata moja. Neno saratani lilipita katikati ya sentensi likiwa limezingirwa na maneno mengine, na kabla halijatua likafuatwa na rufaa, picha, figo na mionzi. Mtu aliyeshtuka hasikii orodha. Hudaka neno moja au mawili yaliyo karibu, na mara nyingi hudaka lile ambalo moyo wake unaweza kulibeba. Kwa mwanamke huyu neno hilo lilikuwa figo.

Kwa nini daktari alikimbia? Foleni ni sababu moja, lakini si yote. Sababu ya pili ni namna binadamu wanavyozungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mazungumzo ya kawaida katika lugha kumi za mabara mbalimbali, ikiwamo moja ya Namibia, na kuona kwamba mtu anapomaliza kuuliza, mwenzake huanza kujibu baada ya wastani wa takribani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwamo katika lugha hizo, lakini tofauti kati ya lugha na lugha zilikuwa ndogo. Kwa hiyo ukimya wa sekunde mbili tu ni mrefu mara kumi kuliko ule ambao sikio limeuzoea. Sekunde nne humfanya mzungumzaji ahisi kwamba pameharibika kitu, na hapo ndipo “yaani”, “kwa hiyo”, “si unajua” na “usijali” hukimbilia kuziba pengo. Maneno hayo hayabebi habari yoyote. Kazi yake ni kumpunguzia msemaji joto, wakati aliye na haja ya kupunguziwa ni msikilizaji.

Ndiyo maana hisia ya daktari si kipimo cha kuaminika cha urefu wa ukimya. Anayeamini kwamba amesubiri sekunde kumi mara nyingi amesubiri tatu. Kipimo kilicho bora zaidi kipo kifuani pake: mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, hivyo pumzi moja, kuvuta na kutoa, huchukua sekunde tatu hadi tano. Anayesema habari nzito, kisha akahesabu pumzi tatu zake mwenyewe bila kufungua mdomo, amempa mgonjwa sekunde kumi hivi. Njia hii ina faida ya ziada, kwa kuwa huyatuliza mabega na mikono ya daktari, na mgonjwa huyaona hayo.

Mazungumzo yale yale yanaweza kuendeshwa kwa namna nyingine. Daktari wa pili analisoma faili kabla mgonjwa hajaitwa. Jambo hili huonekana dogo, lakini upo ukimya usiofaa kabisa, nao ni ule wa mgonjwa kungoja huku mwingine akisoma hukumu yake mbele ya macho yake. Ukimya wa namna hiyo haumpi nafasi ya kuwaza. Humpa nafasi ya kuogopa tu. Daktari anamwamkia, anamuuliza kama amekuja na mtu ambaye angependa awepo, na anasikia kwamba amekuja peke yake. Kisha anamuuliza, “Mama, ulipochukuliwa kile kipimo, ulielezwa kwamba tunatafuta nini?” Anaiweka kalamu mezani na kusubiri.

Kitendo cha kuweka kalamu chini kina maana yake. Katika adabu ya Waswahili, na ya jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu anayejiona mdogo mbele ya mwenye elimu hangoji tu nafasi ya kusema, bali hungoja ruhusa. Daktari akinyamaza huku akiandika, mgonjwa huona kwamba mkubwa ana shughuli, naye hunyamaza kwa heshima. Vimya viwili hivyo hukutana na hapasemwi kitu. Ukimya humwalika mtu pale tu inapoonekana wazi kwamba zamu ni yake: mikono imetulia, uso umeelekezwa kwake, na macho hayamkodolei bali yako tayari kumpokea.

Baada ya kitambo mwanamke anasema, “Niliambiwa mnaangalia kama kuna kidonda kibaya.” Jibu hilo linamwonesha daktari mahali pa kuanzia. Haina haja ya kueleza habari za seli.

“Ni kweli, mama. Majibu yamerudi, na si yale tuliyokuwa tukiyatumaini.” Anavuta pumzi moja. Pumzi hiyo ni mlango: mgonjwa anajiweka sawa na kujua kwamba kinachofuata ni kizito. “Kipimo kimeonesha kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi.”

Kisha ananyamaza. Hasemi “lakini”. Neno “lakini” likifuata hapo huifuta sentensi iliyotangulia, na mgonjwa huelewa kwamba haruhusiwi kuhuzunika. Wala hasemi “pole” papo hapo. Hili linahitaji maelezo, kwa kuwa Mswahili akinyimwa pole huona amedharauliwa. Pole haina ubaya, bali wakati wake ndio unaoigeuza. Ikitamkwa sekunde ile ile, mgonjwa hulazimika kuijibu, “Asante, nimeshapoa,” na adabu hiyo humtoa katika alichokuwa akikihisi. Ikisemwa baada ya ukimya, taratibu, ikaachwa isimame peke yake, huwa pole ya kweli.

Mwanamke anatazama chini. Vidole vyake vinalifungua na kulifunga tena fundo la khanga. Pumzi ya kwanza ya daktari inapita, kisha ya pili. Katika ya tatu midomo ya mgonjwa inatikisika pasipo sauti. Hapa ndipo madaktari wengi hushindwa, kwa sababu huona kwamba mgonjwa anateseka na kwamba neno lolote lingemwokoa. Lakini dalili zote zinaonesha kwamba kazi inaendelea ndani yake. Macho yaliyoinamishwa, mkono unaochezea kitu, pumzi inayobadilika: mtu wa namna hiyo anawaza, na akiachwa ataendelea mpaka afike anakokwenda. Anapofika, kwa kawaida huinua macho na kumtazama msemaji wake. Kuinua macho huko ndiyo ishara ya kungojea, maana kunaonyesha kwamba sasa anaweza kusikia au anataka kusema.

Anainua macho. “Watoto wangu nitawaambia nini?”

Daktari mwenye haraka angejibu kwamba mambo ya watoto yatazungumzwa baadaye na kwamba sasa wapange tiba. Huyu anatikisa kichwa polepole na kusema, “Pole sana, mama,” halafu ananyamaza tena. Ukimya wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu mgonjwa ameuliza, na kutojibu swali huonekana kama utovu wa adabu. Hata hivyo, swali hilo halikuulizwa ili lijibiwe. Ni mlango ambao mgonjwa ameufungua kidogo ili aone kama kuna mtu nje.

Baada ya pumzi mbili anasema, kwa sauti ya chini, “Dada yangu alikuwa nayo hii. Alipelekwa kuchomwa mionzi, akafa huko huko. Mimi mionzi siendi.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyoibeba rufaa nzima. Mgonjwa huyu hangekwenda. Si kwa kukosa nauli, wala si kwa kutoelewa, bali kwa sababu katika familia yake mionzi ndiyo iliyoua. Hakuna swali katika fomu ya kliniki ambalo lingelitoa hilo. Lilitoka kwa kuwa mara mbili mfululizo aliachiwa nafasi na haikuzibwa. Sasa daktari ana jambo la kuzungumza. Anamuuliza dada alifika hospitali akiwa katika hali gani, na anaambiwa kwamba alifika akiwa amekonda, hawezi kutembea, miguu imevimba. Ndipo anapoeleza kwamba dada huenda alifika ugonjwa ukiwa umeshaenea sana; kwamba yeye anatembea na anafanya kazi, lakini kiwango cha ugonjwa wake hakitajulikana mpaka apimwe na kupigwa picha; na kwamba kama itaonekana mionzi inamfaa, mara nyingi hutolewa kwa wiki tano hivi, siku za kazi, na mgonjwa haihisi wakati inapotolewa, ingawa uchovu na kuharisha huweza kufuata. Haahidi kupona. Anasema jambo moja, anangoja, kisha lingine.

Saa ya ukutani ingeonesha kwamba mazungumzo haya yamechukua dakika kumi hivi dhidi ya moja ya mwanzo. Hiyo ni gharama, na haifai kuificha mbele ya daktari mwenye wagonjwa hamsini nje. Lakini vimya vyenyewe, vikijumlishwa vyote, havikuzidi dakika moja. Muda uliobaki ulitumika kujibu hofu halisi badala ya kumwaga maelezo kwa mtu asiyesikia.

Hofu kwamba mgonjwa akiachiwa nafasi atazungumza mpaka jioni nayo imepimwa. Mwaka 1984 Beckman na Frankel wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mazungumzo yaliyorekodiwa kati ya madaktari na wagonjwa, wakaona kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa sekunde 18 tu baada ya kuanza kueleza lililomleta. Mwaka 2002 Langewitz na wenzake wa Basel, Uswisi, waliwafunza madaktari wa kliniki moja wasimkatize mgonjwa mpaka anyamaze mwenyewe, kisha wakapima kwa saa. Kati ya wagonjwa 335, wastani wa kuzungumza ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili. Kliniki ya Uswisi si zahanati ya wilaya, na mgonjwa aliyeanza na salamu za nyumbani, shamba na msiba wa mjomba huenda akahitaji zaidi. Lakini yule anayetajwa na kila daktari, asiyenyamaza kamwe, alikuwa mmoja kati ya wengi, hakuwa kila mtu.

Si kila sauti fupi inayotolewa na daktari ni ya kuziba pengo. “Mmh” ya chini, isiyo na haraka, humwambia msimuliaji aendelee; kuiondoa kabisa kungemfanya adhani hasikilizwi. Maneno yanayodhuru ni “sawa”, “haya” na “basi”. Katika Kiswahili maneno hayo hufunga. Mgonjwa anayesema, “Tumbo linauma usiku,” akaambiwa “Sawa”, huelewa kwamba hilo limetosha, na lile la pili, ambalo mara nyingi ndilo lililomtoa nyumbani, hurudi nalo. Daktari anaweza kusema “sawa” mara ishirini katika mazungumzo mafupi bila kujijua, akidhani anaonesha upole.

Namna nyingine ya kuziba pengo ni kurundika maswali. “Maumivu yalianza lini? Jana? Juzi? Au ni baada ya kula?” Swali la kwanza lilikuwa zuri na lilihitaji sekunde nne za kukumbuka. Hayo mengine yaliongezwa na daktari kwa sababu sekunde hizo zilimchoma. Mgonjwa mwenye adabu huchagua la mwisho, kwa kuwa ndilo lililo karibu na sikio: “Ndiyo, baada ya kula.” Faili huandikwa hivyo, na tiba ya vidonda vya tumbo huanza kwa jibu ambalo mgonjwa hakulitoa bali alipewa.

Wakati fulani ukimya unapaswa kuvunjwa, na dalili zake si zile za mtu anayewaza. Mgonjwa hutazama mlango mara kwa mara, au hulitazama faili, au uso wake hukaza na macho hubaki kwa daktari bila kupepesa, kama anayengoja kupigwa. Hapo ukimya umegeuka mzigo. Haufai kuvunjwa kwa swali jipya la kitabibu, kwa maana hilo humwambia mgonjwa kwamba mada imefungwa. Huvunjwa kwa maneno machache yanayomrudishia zamu yake: “Nipo, mama. Chukua muda wako,” au “Unawaza nini?” Baada ya hapo daktari hunyamaza tena, pumzi moja au mbili, kuona kama mlango umefunguka.

Kuna mahali pengine ambapo kunyamaza ni kosa tangu mwanzo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji sauti inayoeleza kinachofanywa, sentensi fupi moja baada ya nyingine. Mgonjwa wa akili anayeamini kwamba watu wanapanga njama dhidi yake huweza kuukuta uthibitisho katika ukimya wa daktari. Penye mkalimani, daktari hupaswa kukubaliana naye kabla ya kuingia, vinginevyo mkalimani ataziba kila pengo kwa maneno yake mwenyewe akidhani anasaidia. Ndugu wa mgonjwa wanaofanya kazi hiyo hufanya hivyo karibu kila mara. Na katika simu, ambako kliniki nyingi sasa hupeleka majibu, ukimya hauna uso. Sekunde tatu zikipita mgonjwa husema “Haloo? Haloo?” akidhani mtandao umekatika. Majibu ya saratani hayafai kutolewa kwa simu pale ambapo mgonjwa anaweza kuja. Ikilazimu, daktari humwambia mapema, “Nitasema, kisha nitanyamaza kidogo, lakini nipo,” na kila baada ya pumzi mbili hutoa ile “mmh” ya chini ili mtu wa upande wa pili ajue kwamba hajaachwa.

Ustadi huu hujifunzwa kwa saa, si kwa nia. Wanafunzi watatu wanatosha: mmoja awe mgonjwa, mmoja daktari, na wa tatu ashike saa na karatasi. Wa tatu hasikilizi maudhui. Anaandika tu sekunde zilizopita tangu habari nzito ilipotamkwa hadi yeyote kati yao aliposema neno, na anaandika nani alianza. Katika zoezi la kwanza karibu kila mara huwa ni daktari, na idadi anayoambiwa huwa ndogo kuliko aliyoikisia. Zoezi hurudiwa mpaka jina linaloandikwa kwenye karatasi liwe la mgonjwa.